Shatafu Inavuja Wapi?

Siku tatu mfululizo niliacha kopo chini ya shatafu ya chooni kwetu kabla ya kulala, na kila asubuhi nililikuta na maji yanayokaribia lita moja na nusu. Fundi alikuwa ameshakuja. Alifungua nati, akazungusha tepu nyeupe kwenye meno ya koki, kisha akakaza kwa spana malaya (jina si langu, ndilo la mafundi) mpaka nati ikalia. Siku mbili palikuwa pakavu. Ya tatu, tone likarudi.

Kosa lake ni la wengi. Tepu ina mahali pake, napo ni pale koki inapoingia ukutani, kwa sababu hapo maji huzuiwa kwenye meno yenyewe na tepu huziba nafasi zilizobaki. Mpira wa shatafu haufanyi kazi hivyo. Meno ya nati yake hubana tu. Anayezuia maji ni washa, kile kiduara cha mpira kilicholala ndani ya nati, ambacho hukandamizwa kati ya mdomo wa koki na shingo ya mpira. Washa ikishachoka, tepu humchelewesha tu huyo tone. Ikizidi, hata hudhuru: nati huwa nzito kuzunguka, ukadhani imefika mwisho, kumbe washa haijabanwa.

Kabla ya kufungua chochote, jua kwanza maji yanatoka wapi, maana maji huteremka na kudondokea mbali na yalikoanzia. Kausha kila kitu kwa kitambaa. Funga kipande cha tishu kwenye nati ya koki, kingine kwenye nati ya mkononi, na cha tatu katikati ya mpira. Fungua koki, subiri dakika tano bila kubonyeza shatafu, kisha tazama kipi kimelowa kwanza. Kwangu ilikuwa nati ya koki.

Nilifunga koki, nikabonyeza shatafu ili maji yaliyobanwa ndani yatoke. (Koki isiyofunga vizuri inakulazimu kufunga maji ya nyumba nzima.) Kisha nikashika kiwiliwili cha koki kwa spana moja na kulegeza nati kwa nyingine. Ukitumia spana moja tu, koki yote inaweza kuzunguka ukutani, na hapo utakuwa umejiongezea uvujaji wa pili, mbaya kuliko wa kwanza.

Washa niliyoitoa ilikuwa ngumu kama kifungo cha shati, na mdomo wa koki ulikuwa umeichimba mfereji upande mmoja. Kaza utakavyo, mpira wa namna hiyo haurudi kuwa laini. Nikabandua tepu yote, nikafuta mdomo wa koki kwa kitambaa chenye siki, kwa kuwa maji yetu ni ya kisima na chumvi ilikuwa imeganda ukingoni. Nikachungulia ndani ya nati kuhakikisha hakuna washa nyingine ya zamani iliyong'ang'ania. Mbili zikipandana hazikai sawa. Washa mpya ni ya nusu inchi, na ni vizuri kwenda dukani na ile ya zamani mkononi. Nikaiweka bapa, nikakaza nati kwa vidole mpaka ikagoma, halafu spana ikamalizia robo mzunguko. Basi. Nati ya plastiki ukiizidishia hapo hupasuka.

Pakawa pakavu kwa miezi miwili. Kisha nikakuta maji tena chini ya nati ileile, na kwa hasira nikaifungua: washa nzima kabisa. Safari hii mpira wenyewe ndio uliokuwa umepasuka. Ule ngozi ya chuma iliyojiviringisha tunayoiona nje ni koti tu. Maji hupita kwenye mpira mwembamba wa ndani, na huo ukitoboka, maji husafiri chini ya koti na kutokea kwenye nati, kana kwamba washa ndiyo mkosaji. Dalili yake ni mikunjo ya chuma kulowa unapoupinda mpira huku koki ikiwa wazi. Hapo hakuna cha kuziba. Nunua mpira mpya.

Miisho yote miwili huwa ya nusu inchi, lakini urefu hutofautiana. Wangu ulikuwa wa mita moja, na kila uliporudishwa kwenye kishikio ulikunjika kwa nguvu karibu na nati. Nikachukua wa mita moja na robo, unaoning'inia kwa mkunjo mpana. Dukani nilihakikisha washa zote mbili zimo, kwani huanguka ndani ya mfuko.

Nilipouchana ule wa zamani kwa kisu, ufa ulikuwa upana wa vidole viwili kutoka kwenye nati, palepale ulipokuwa ukikunjika. Siku hizi koki tunaifunga kila baada ya matumizi, mpira usibaki na mgandamizo wa maji usiku kucha. Wageni husahau.