Bibi ameanguka: pima sodiamu kabla ya kulaumu uzee

Katika wodi ya wazee, karatasi ya mafunzo inayobandikwa juu ya meza ya wauguzi ingeweza kuanza na swali moja: mgonjwa huyu alianza lini dawa ya sonona? Nalitanguliza swali hili kwa sababu mzee anapoanguka sisi hutazama sakafu, kandambili na taa ya korido, na mara nyingi tunaisahau damu yake.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 78, kilo 46, aliyefiwa na mumewe. Halali, hali, hazungumzi. Kwa muda mrefu amekuwa akimeza haidroklorothiazidi, dawa ya presha inayokojoza. Daktari anamwanzishia fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi. Sodiamu yake siku hiyo ni 136, nayo kwa kawaida huwa kati ya 135 na 145. Kwa hiyo karatasi ya maabara inasema yuko sawa, ingawa amesimama ukingoni kabisa.

Siku ya tisa anaacha uji nusu kikombe, anasema kichefuchefu. Anashika ukingo wa kitanda kabla ya kupiga hatua, na mara mbili anamwuliza mjukuu leo ni siku gani. Faili linaandikwa "uzee". Siku ya kumi na moja, saa tisa usiku, anaanguka akienda chooni. Sodiamu sasa ni 123.

Kilichotokea ni hiki. Dawa za kundi la fluoksetini na sertralini zinaweza kuufanya mwili utoe kwa wingi homoni inayoziambia figo zishike maji. Maji yakibaki, sodiamu iliyomo huchujuka, kama mchuzi uliozidishiwa maji. Haidroklorothiazidi nayo huipunguza sodiamu kwa njia yake, kwa hiyo bibi amesukumwa kutoka pande mbili. Umri, jinsia ya kike na mwili mwembamba humwongezea hatari. Sehemu kubwa ya matukio haya hutokea ndani ya mwezi wa kwanza, hasa wiki mbili za mwanzo.

Hapo ndipo kosa linaloumiza hufanyika. Ndugu wanaambiwa "chumvi imepungua", wanazidisha chumvi kwenye supu. Muuguzi naye anatundika dripu ya chumvi. Ikiwa tatizo ni maji yaliyozuiliwa, figo zinaweza kuitoa chumvi hiyo na kubakiza maji ya dripu, na sodiamu ikashuka zaidi. Kwanza daktari aangalie: mgonjwa amekaukiwa maji, amevimba, au hana dalili ya lolote kati ya hayo? Bibi wetu hakukaukiwa. Dawa zote mbili zilisimamishwa, vinywaji vikapunguzwa hadi karibu lita moja kwa siku, na damu ikapimwa mara kwa mara. Kupima huko kuna sababu: haidroklorothiazidi ikisimamishwa, sodiamu inaweza kuruka juu ghafla, na ikipanda zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24 ubongo unaweza kuharibika. Degedege au kupoteza fahamu ni dharura nyingine kabisa, yenye matibabu yake ya haraka. Nyonga yake ilipigwa picha pia, maana mzee aliyechanganyikiwa huenda asiseme anapoumia.

Wala tusidhani ni lazima sodiamu ishuke sana. Mwaka 2006 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba hata wagonjwa wenye sodiamu iliyoshuka kiasi, wanaoonekana hawana dalili, huyumba wanapotembea na huanguka zaidi ya wenzao.

Wengi hukimbilia amitriptilini, kwa kuwa ipo na ni rahisi. Kwa mzee dhaifu naiona ni mtego. Ni kweli kwamba sodiamu haiigusi sana, lakini hushusha presha mtu anaposimama, huleta usingizi na kumchanganya akili, naye ataanguka kwa njia nyingine. Pale inapopatikana, mirtazapini kwa dozi ndogo usiku huwa na hatari ndogo zaidi kwa sodiamu, na humsaidia asiyelala wala kula. Bado huleta usingizi, kwa hiyo safari ya chooni ihitaji mtu wa kumshika. Kumwacha bila tiba yoyote si usalama, kwani sonona yenyewe humwangusha mzee asiyekula wala kutembea.

Presha ipimwe akiwa amelala dakika tano, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dawa zake zote zipitiwe upya.

Nanyi mnaomuuguza nyumbani, msikatishe dawa kimyakimya. Mkiona kichefuchefu, kuyumba au kuchanganyikiwa kupya, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo. Nawe daktari, unapoandika fluoksetini, andika papo hapo tarehe za kupima sodiamu: leo, wiki ya pili na wiki ya nne.