Machungwa Mawili Yakianza Kuoza kwa Pamoja

Chukua kasha la machungwa lenye vyumba 15: mistari 3, kila mstari vyumba 5. Vyumba viwili vya katikati ni vitupu. Chungwa la pembe ya juu kushoto limeoza, na la pembe ya chini kulia nalo limeoza. Mengine yote 11 ni mazima. Kila dakika inayopita, chungwa bovu linaozesha majirani wake wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. La mshazari haliligusi. Je, ni baada ya dakika ngapi hakutabaki chungwa zima hata moja?

```
2 1 1 1 1
1 0 0 1 1
1 1 1 1 2
```

Hivyo ndivyo kompyuta inavyoliona kasha: 2 ni bovu, 1 ni zima, 0 ni chumba kitupu. Wanaojiandaa kwa usaili wa kazi za kuandika programu wanalijua fumbo hili kama swali namba 994 la tovuti ya LeetCode. Chungwa la kweli huchukua siku kuharibika, kwa hiyo dakika hapa ni hatua tu ya kuhesabia. Ila wazo la kuambukizana kwa kugusana si la kubuni: ukungu wa buluu wa machungwa huhama hivyohivyo, kutoka tunda bovu hadi lililolalia ubavuni mwake.

Njia ya kulijibu inaitwa utafutaji kwa upana. Edward Moore aliieleza mwaka 1959 alipokuwa akitafuta njia fupi ya kutoka kwenye mzingile. Unaanzia mahali pamoja, unakagua majirani wote walio hatua moja mbali, kisha walio hatua mbili, kisha tatu, bila kuruka daraja. Kinachotunza utaratibu huo ni foleni: aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka.

Kasha letu lakini lina vyanzo viwili vya uozo. Wengi wakifika hapa huanza na chungwa bovu la kwanza, wakaeneza uozo wake hadi mwisho, kisha wakarudi kulishughulikia la pili. Lifanye hilo kwenye kasha letu uone. Chungwa la pembe ya juu likiachwa peke yake, linamaliza machungwa yote mazima kwa dakika 5. La pembe ya chini likiwa peke yake, nalo linahitaji dakika 5. Sasa jibu ni 5? Ni 10? Au tugawe kwa mbili tupate mbili na nusu? Yote matatu si sahihi, kwa sababu machungwa hayapeani zamu. Yanaoza kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni fupi mno, na kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika fumbo hili. Kabla saa haijaanza kuhesabu, ingiza machungwa mabovu yote kwenye foleni. Yote, hata yakiwa 50. Yote yana umri mmoja, dakika sifuri. Kuanzia hapo kanuni ya zamani inaendelea kama kawaida, wala haihitaji kujua kwamba vyanzo ni vingi.

Tufuate kasha letu. Foleni inaanza na mawili. Dakika ya 1, la juu kushoto linaozesha la kuliani kwake na la chini yake. La chini kulia linaozesha la juu yake na la kushotoni kwake. Yameoza 4, yamebaki 7. Hayo manne sasa ndiyo foleni. Dakika ya 2, yanaozesha 5 mengine, yanabaki mawili tu: la nne katika mstari wa juu, na la pili katika mstari wa chini. Kila moja kati ya hayo limebanwa pande mbili, uozo wa juu kushoto ukija upande mmoja na wa chini kulia upande wa pili. Dakika ya 3 yote mawili yanaoza. Jibu ni 3.

Jibu hilo lina maana inayoeleweka. Kila chungwa linaoza kwa dakika zilizo sawa na umbali wake hadi chanzo kilicho karibu nalo zaidi. Muda wa kasha zima ni wa lile chungwa lililo mbali kuliko yote na chanzo chake cha karibu.

Katika lugha ya Python, kiini cha kazi ni hiki:

```python
t = 0
while foleni and mazima > 0:
    t += 1
    for _ in range(len(foleni)):
        r, c = foleni.popleft()
        for a, b in majirani(r, c):
            if g[a][b] == 1:
                g[a][b] = 2
                mazima -= 1
                foleni.append((a, b))
jibu = t if mazima == 0 else -1
```

Sehemu ya `len(foleni)` ndiyo inayotenganisha dakika na dakika. Urefu wa foleni unapimwa mwanzoni mwa dakika, na wale tu waliokuwemo wakati huo ndio wanaoambukiza. Wanaoingia nyuma yao wanasubiri dakika ijayo. Asiyetumia foleni, akapita tu kwenye vyumba kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini akiozesha kila anachokikuta, atashangaa kuona kasha letu lote limekwisha kwa mpito mmoja: chungwa la pili linaozeshwa na la kwanza, na papo hapo linaozesha la tatu. Programu ikitoa 1 hapa, kosa ni hilo.

Ikitoa 4, kosa ni jingine. Baada ya dakika ya 3, foleni bado ina yale mawili ya mwisho. Kompyuta isipoambiwa isimame pindi mazima yanapokwisha, itayatoa, haitapata wa kuambukiza, na itakuwa imeshaongeza dakika ya bure.

La tatu hujificha zaidi. Katika dakika ya 2, chungwa la nne la mstari wa kati linafikiwa na mabovu mawili, la kulia kwake na la chini yake. Usipoliandika 2 palepale linapoingia kwenye foleni, litaingia mara mbili, litapunguzwa mara mbili, na hesabu ya mazima itashuka chini ya sifuri.

Kuna pia makasha yasiyokwisha. Ondoa chungwa la kwanza na la tatu katika mstari wa chini. La pili linabaki limezungukwa na vyumba vitupu, na hakuna uozo unaoweza kulifikia. Foleni itakauka huku hesabu ikisoma 1, na jibu ni -1. Kasha lisilo na chungwa zima tangu mwanzo lenyewe jibu lake ni 0.

Kuanza na vyanzo vyote kunaokoa kazi pia. Katika kasha la vyumba 10 kwa 10, kila chumba kinaingia kwenye foleni mara moja tu na kutazama majirani wasiozidi wanne, yaani mitazamo isiyozidi 400 kwa jumla. Ukivichukua vyanzo 50 kimoja kimoja, unarudia mzunguko huo mara 50. Ndiyo maana njia hiyohiyo hutumika kwenye ramani iliyogawanywa miraba, pale panapotakiwa kujua kila mraba uko mbali kiasi gani na zahanati iliyo karibu nao zaidi: zahanati zote zinaingia kwenye foleni kwa pamoja, na mpito mmoja unatosha.

Sharti ni kwamba kila hatua igharimu sawa. Kwenye ramani ambayo mraba wa lami hupitwa kwa dakika 1 na wa matope kwa dakika 6, aliyetangulia kuingia kwenye foleni si lazima awe wa karibu, na hesabu inaharibika. Hapo inahitajika kanuni ya Edsger Dijkstra, nayo ya mwaka 1959, ambayo kila mara humtoa mwenye muda mdogo kuliko wote, awe aliingia lini. Hata humo, vyanzo vyote huingizwa pamoja mwanzoni, kila kimoja kikiwa na dakika sifuri.