Volti Hujumlishwa, Wati Hukataa

Saketi ina betri mbili, moja ya volti 12 na nyingine ya volti 6. Ncha zao za hasi zimefungwa pamoja. Kutoka ncha chanya ya kila betri unatoka waya unaopita kwenye rezista ya omu 2, kisha waya zote mbili zinakutana mahali pamoja. Hapo ndipo imefungwa rezista ya tatu, nayo ya omu 2, inayorudi kwenye ncha za hasi. Hiyo ya tatu ndiyo mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme. Swali ni jepesi kulisema: mzigo unapata volti ngapi, ampea ngapi na wati ngapi?

Njia inayofundishwa vyuoni ni kushughulika na betri moja baada ya nyingine. Kanuni hii ya kujumlisha ilielezwa na mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1853. Betri moja inaachwa ikifanya kazi na nyingine inazimwa, yaani inatolewa na nafasi yake kuzibwa kwa kipande cha waya. Tahadhari: betri yenyewe hutolewa kwanza. Anayeunganisha ncha zake kwa waya ikiwa bado ipo ataichoma.

Betri ya volti 12 ikibaki peke yake, mzigo unapata volti 4, na mkondo unaopita ndani yake ni ampea 2. Ikibaki ile ya volti 6 peke yake, mzigo unapata volti 2 na ampea 1. Zirudishwe zote mbili, kisha mita iwekwe kwenye mzigo: inasoma volti 6, na mkondo ni ampea 3. Nne na mbili ni sita, mbili na moja ni tatu. Hesabu imekubali bila mabaki.

Sasa zije wati, ambazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Betri ya kwanza peke yake iliupa mzigo volti 4 kwa ampea 2, yaani wati 8. Ya pili iliupa volti 2 kwa ampea 1, yaani wati 2. Jumla ni wati 10. Lakini zote mbili zikiwapo, mzigo una volti 6 na ampea 3, na hizo ni wati 18. Wati 8 hazikuonekana kokote pale betri zilipopimwa moja moja.

Sababu iko katika namna mambo haya yanavyokua. Georg Simon Ohm alichapisha mwaka 1827 sheria inayoonyesha kwamba mkondo hufuata volteji kwa uwiano: volti zikiwa maradufu, ampea nazo huwa maradufu. Uhusiano huo ukichorwa kwenye grafu, unatoa mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Saketi ikijengwa kwa vifaa vya namna hiyo, kila chanzo huongeza mchango wake juu ya wa mwenzake bila kuubadili, na ndiyo maana michango hiyo hujumlishika.

Joto ni habari nyingine. Mwaka 1841 James Prescott Joule alionyesha kwamba joto linalotoka kwenye waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Ni kama kiwanja cha mraba: chenye upande wa mita 2 kina mita za mraba 4, na chenye upande wa mita 1 kina mita ya mraba 1. Ukiziunga pande hizo ukapata upande wa mita 3, kiwanja hakiwi na mita za mraba 5 bali 9. Nne zilizoongezeka ni vipande viwili vya mita 2 kwa 1, ambavyo haviko katika kiwanja kimoja wala kingine, ila huzaliwa na kuungana kwa pande zenyewe. Katika saketi yetu, hizo nne zikizidishwa kwa ukinzani wa omu 2, zinatoa wati 8 zilezile.

Mtu anaweza kuuliza: je, wati hizo zimetokea hewani? Hapana, na hapa ndipo saketi hii inafundisha zaidi. Betri zote mbili zikiwapo, mahali waya zinapokutana pana volti 6, sawasawa na betri ndogo. Kwa hiyo hakuna mkondo wowote unaotoka katika betri hiyo. Inatoa wati sifuri. Betri kubwa inatoa ampea 3, yaani wati 36. Nusu yake inaishia katika rezista yake yenyewe, nusu nyingine, wati 18, katika mzigo. Hakuna nishati iliyozidi wala iliyopotea. Hata hivyo, betri ndogo ikitolewa na waya ukawekwa mahali pake, mzigo unashuka kutoka wati 18 hadi 8. Ndiyo kusema kwamba kuuliza "betri hii imechangia wati ngapi kwenye mzigo" ni kuuliza jambo lisilo na jibu, kwa sababu kila betri hubadilisha kazi ya mwenzake.

Betri ndogo ikigeuzwa, chanya ikawa hasi, mchango wake unakuwa volti 2 za upande wa pili. Nne toa mbili ni mbili, na mkondo ni ampea 1. Volti na ampea bado zinatii kanuni, mradi alama ya kutoa izingatiwe. Mzigo sasa unapata wati 2 tu, ilhali anayejumlisha wati angeng'ang'ania 10 zilezile. Wati hazikumbuki mkondo ulitoka upande gani, kwa kuwa namba hasi ikizidishwa kwa yenyewe huwa chanya.

Ipo hali ambayo jumla ya wati 10 huwa kweli. Badala ya betri ndogo, kiwekwe chanzo cha umeme wa kubadilika wa volti 6 za wastani, ule unaopimwa kwa mita ya kawaida, wenye mizunguko 50 kwa sekunde kama wa gridi za Tanzania na Kenya. Sasa mkondo wake mara unausaidia ule wa betri kubwa, mara unaupinga. Ziada ya nusu moja ya mzunguko hufutwa na upungufu wa nusu ya pili, na wastani wa nguvu katika mzigo ni wati 10 kamili. Vivyo hivyo kwa vyanzo viwili vyenye idadi tofauti za mizunguko kwa sekunde. Vikiwa na idadi moja, jibu hutegemea kama vinapanda na kushuka pamoja.

Kanuni yenyewe nayo ina mpaka. Kwenye diodi au taa ya LED, mkondo haufuati volteji kwa mstari mnyoofu, hivyo hata volti na ampea hazijumlishwi kwa njia hii.

Kwa fundi anayechagua rezista, kosa hili lina gharama. Akijumlisha wati za kila betri, atanunua rezista ya wati 10 kwa kazi ya wati 18, na itaungua. Ajumlishe kwanza volti na ampea zote pamoja na alama zake, kisha ndipo azidishe kupata wati, mara moja tu, mwisho wa hesabu.