Mteja Huyu Katoka Wapi?

Ni mwisho wa mwezi, na muuzaji wa madera anayefanyia biashara sebuleni kwake Tabata, Dar es Salaam, amefungua daftari. Ameuza madera 62 kwa shilingi 30,000 kila moja, yaani 1,860,000. Mwezi huohuo ametoa 300,000 za matangazo: 200,000 zimekwenda kwenye matangazo ya Instagram na Facebook, na 100,000 kwa mwanadada mwenye wafuasi wengi aliyevaa dera lake akaliposti. Anagawa mauzo kwa gharama ya matangazo na kupata 6.2. Kila shilingi moja ya tangazo, anajiambia, imerudi na wenzake watano. Mwezi ujao anataka kuongeza bajeti mara mbili.

Muuzaji huyu ni wa mfano, lakini hesabu yake hufanywa kila siku na wanaouza kwa simu. Wataalamu wa matangazo huiita ROAS, na ndiyo herufi anazoziona mtu akifungua ripoti za matangazo: mapato yaliyotokana na tangazo, ugawanye kwa fedha ulizolipia tangazo hilo. Kugawa hakuna shida. Shida iko kwenye maneno "yaliyotokana na tangazo", kwa sababu mama huyu amehesabu madera yote 62 kana kwamba bila tangazo asingeuza hata moja. Tena amesahau kuwa mapato si faida.

Tuanze na faida, maana ndiyo rahisi. Dera la 30,000 analinunua Kariakoo kwa 18,000. Mfuko wa kufungia ni 500. Nauli ya bodaboda anachangia 2,000, kwa kuwa mteja akibebeshwa yote hughairi. Makato ya kupokea na kutoa fedha kwenye simu ni kama 500. Kinachobaki mkononi ni 9,000, sawa na asilimia 30 ya bei.

Namba hiyo ya asilimia 30 ndiyo inayoweka mstari wa kufa na kupona. Gawa 1 kwa 0.30, unapata 3.33. Maana yake, tangazo likimletea mauzo ya chini ya shilingi 3.33 kwa kila shilingi aliyolipa, anawavalisha watu kwa hasara yake. Mwenzake anayeuza mafuta ya nywele anayotengeneza mwenyewe, na kubakiwa na asilimia 60, anapona hata kwa 1.7. Ndiyo sababu kuulizana kwenye magrupu "wewe unapata ngapi?" hakusaidii: namba inayomtajirisha mmoja inamfilisi mwingine.

Sasa swali gumu: katika wale 62, nani kaletwa na tangazo?

Ripoti ya Meta haiwezi kumjibu. Tangazo lake humpeleka mtu WhatsApp, na mauzo hukamilika humo kwa mazungumzo, picha za rangi zilizobaki na meseji ya muamala. Kampuni haioni malipo hayo. Inachomwonyesha ni mazungumzo 140 yaliyoanzishwa, kila moja likimgharimu shilingi 1,430 hivi. Mwenye tovuti yenye kitufe cha kulipia huonyeshwa mauzo, lakini naye awe macho: kwa kawaida Meta hujihesabia mauzo ya mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, au aliyeliona tu ndani ya siku 1 bila kubofya. Google nayo huhesabu kwa kanuni zake. Mteja mmoja aliyepita kote kuwili hudaiwa na wote wawili, na ukijumlisha ripoti zao unaweza kukuta mauzo mengi kuliko mzigo uliotoka nyumbani. Tangu Aprili 2021, Apple ilipoanza kuzilazimisha programu za iPhone kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, sehemu ya hesabu hizo hukadiriwa tu.

Hayo mazungumzo 140 yana mtego wake. Mfumo wa matangazo hutafuta kile ulichouagiza. Ukiuagiza mazungumzo ya bei rahisi, utakuletea watu wanaopenda kuzungumza: "Bei gani?", "Mko wapi?", kisha kimya. Posti isiyo na bei huvuta maswali mengi na hivyo huonekana imefanya vizuri kwenye ripoti. Ukiweka bei wazi, maswali hupungua, ila wanaobaki wameshajua kuwa wanaimudu. Kwa muuzaji mwenye simu moja na vidole viwili vya kujibia, nafuu hiyo ina thamani hata kabla ya kuuza kitu.

Jibu la kuaminika zaidi lazima alitengeneze mwenyewe, na halihitaji fedha. Kiungo cha WhatsApp kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, hivyo kila njia ya tangazo inaweza kupewa alama yake:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimependa%20dera%20A1
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimependa%20dera%20B2
```

Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno, na %2C ni mkato. Kiungo cha A1 kinakaa kwenye wasifu wa ukurasa wake. Cha B2 anapewa mwanadada mwenye wafuasi akiweke kwenye stori yake. Kwenye tangazo la kulipia, ujumbe wa mwanzo unaandikwa wakati wa kulitengeneza, na hapo anaweka C3. Meseji ikiingia, alama inaonekana, naye anabandika lebo ya rangi iliyomo kwenye WhatsApp Business. Mteja akifuta ujumbe ule na kuandika wake, anaulizwa wakati wa kuchukua anwani: "Dada, samahani, dera letu uliliona wapi mara ya kwanza?" Maneno "mara ya kwanza" yasikosekane. Bila hayo, mtu atataja alikoliona jana.

Mwezi wa pili anauza tena madera 62 kwa bajeti ileile, lakini safari hii daftari lina safu ya alama. Wateja wa zamani na walioelekezwa na ndugu au jirani ni 24. Tangazo la kulipia limeleta 22. Mwanadada ameleta 9. Saba hawakumbuki.

Ile 6.2 inaporomoka. Madera 22 ni mauzo ya 660,000, ukigawa kwa 200,000 unapata 3.3, chini kidogo tu ya mstari wake. Madera 9 ni 270,000 kwa 100,000, yaani 2.7. Kwa mwanadada amebakiwa na 81,000 baada ya kumlipa 100,000, hivyo kapoteza 19,000, ingawa posti ile ilipendwa na watu wengi na ndiyo iliyomfurahisha zaidi.

Hata hivyo safu ile ya alama haimalizi kazi. Inaeleza mteja alipitia mlango gani. Haielezi kama angekuja hata mlango ule ungefungwa. Kampuni kubwa zimeumia hapa. Mwaka 2012 eBay ilijaribu kuacha kulipia matangazo yanayotokea mtu anapoandika jina lenyewe "eBay" kwenye mitandao ya kutafutia ya Microsoft na Yahoo nchini Marekani. Ripoti zilikuwa zikionyesha matangazo hayo yanaleta wateja kwa wingi. Yalipozimwa, karibu wateja wote, asilimia 99.5 ya mibofyo, waliingia kwa kiungo cha kawaida kisicholipiwa kilichokuwa chini yake. Watafiti Blake, Nosko na Tadelis walichapisha matokeo hayo mwaka 2015. eBay ilikuwa ikilipa ili kuletewa watu waliokuwa tayari njiani.

Mama wa Tabata hufanya jambo hilohilo anapobusti posti na kuacha wafuasi wake mwenyewe wawe miongoni mwa wanaoonyeshwa. Wale wangeliona dera kwenye stetasi yake bure. Kuwaondoa wafuasi kwenye walengwa wa tangazo ni hatua ndogo, na anayetangaza kwa shilingi 7,000 kwa siku aifanye kwanza.

Njia ya kujua tangazo linaongeza nini ni ileile ya eBay: kuzima. Kwa wiki nane anawasha wiki moja, anazima inayofuata. Kupishanisha wiki moja moja kuna sababu yake. Ukiwasha mwezi mzima na kuzima mwezi mzima, utaishia kulinganisha Ramadhani na mwezi baada ya Idi, au Desemba na Januari ya ada za shule, na tofauti utakayoiona haitakuwa ya tangazo. Wiki zikipishana, pande zote mbili zinapita katika msimu uleule. Mauzo yaandikwe kwa tarehe mteja aliyotuma ujumbe wa kwanza, si aliyolipa, kwa kuwa aliyeona tangazo Jumamosi mara nyingi hulipa Jumanne.

Tuseme wiki nne za tangazo, kila moja ikigharimu 50,000, zimeuza madera 60, na wiki nne za kimya zimeuza 36. Tofauti ni 24. Je, si bahati tu? Kuna kipimo cha haraka: jumlisha pande zote mbili, 96, tafuta kipeo chake cha pili, ambacho ni karibu 10, kisha kizidishe kwa mbili. Tofauti ikizidi 20, kuna uwezekano mkubwa si bahati. Ishirini na nne imepita, kwa kiasi kidogo. Angepima kwa wiki mbili tu na kupata 15 dhidi ya 9, kipimo kingedai tofauti ya karibu 10, na ile 6 yake isingethibitisha kitu. Hapa ndipo bajeti ndogo inapobana kwelikweli: anayeuza vitu vitano kwa wiki atahitaji miezi mingi kupata jibu, na ni afadhali ajue hivyo kuliko kubadilisha tangazo kila Jumatatu.

Madera 24 ya nyongeza kwa 9,000 ni 216,000, dhidi ya 200,000 za tangazo. Faida ni 16,000. Ni ndogo, lakini ni ya kweli, na inaweza kukua iwapo baadhi ya wapya 24 watarudi kununua tena bila kutangaziwa. Hilo daftari litalionyesha baada ya miezi michache, mradi namba zao za simu zimeandikwa pamoja na alama.

Mpango wa kuongeza bajeti mara mbili, kwa hesabu hizi, haufai. Faida ya 16,000 ni wastani wa fedha zote, na shilingi za kwanza huwapata watu walio tayari kununua. Zinazofuata huwafikia wasio na haja sana. Akitoa 400,000, zile 200,000 za juu zina kila dalili ya kuangukia chini ya 3.33. Tangazo la kulipia libaki lilivyo, malipo ya mwanadada yasimame, na 100,000 yake inunue madera matano ya rangi ambazo wateja huulizia na kukuta zimekwisha.