Historia kwa kupitisha kidole

Kikundi kinapoweka historia yake kwenye simu kwa kadi zinazopitishwa kwa kidole, kila kadi hubeba mwaka mmoja na sentensi moja. Kazi ngumu ni hiyo sentensi.

Tuchukue Green Belt Movement ya Kenya. Kadi ya kwanza: “1977: Wangari Maathai na wenzake wapanda miti saba Nairobi.” Ile saba ndiyo inayomshika msomaji, kwa udogo wake.

Kadi ya 1989 ndiyo huharibika. Wengi wangeandika “Mwaka wa mapambano,” maneno ambayo kikundi chochote kingeweza kuyatumia. Sentensi inataka mtendaji, tendo na kitu: “Wangari Maathai apinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park.” Jengo hilo halikujengwa, nalo ni tukio jingine, lipewe kadi yake, maana likibanwa humo herufi zitakuwa ndogo mno kwa simu.

Tuzo ya Nobel ya 2004 haihitaji mapambo. Ila nisingeifungulia mfululizo, kwani anayeanza na ushindi hajui bado ulitokana na nini.