Jiko la mkaa chumbani: Kipimo cha kidoleni kinapodanganya

WASAFIRI wanaofika Kilambo, mkoani Mtwara, ili kuvuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, wakati mwingine hulazimika kulala hapo wakisubiri maji yajae. Usiku wa mvua, jiko la mkaa lililokuwa likipikiwa uani huingizwa ndani lisilowe, mlango hufungwa na dirisha huzibwa kuzuia mvua na mbu. Kwa kuwa mkaa umekwisha kuiva na hautoi moshi, wengi huamini kuwa hauna madhara tena.

Imani hiyo si sahihi. Mkaa mwekundu, hata ule uliofunikwa majivu, ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo ikiingia mapafuni hushikana na hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne waliolala katika chumba cha namna hiyo. Usiku wa manane mama anaamka akiumwa kichwa na kuhisi kizunguzungu. Mtoto anatapika, baba anajaribu kusimama na miguu inakataa, na wa nne haamki anapoitwa. Katika maeneo ya pwani dalili hizo hudhaniwa mapema kuwa ni malaria au chakula kibovu. Kinachotofautisha ni kwamba wote wameugua usiku mmoja, kwa kawaida hawana homa, na walio na nguvu hupata nafuu kidogo wakitoka nje.

Wanapofikishwa zahanati, mhudumu humwekea mgonjwa kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, na kinaonyesha asilimia 98. Hapo ndipo mgonjwa huweza kurudishwa nyumbani kwa makosa, kwenye chumba kile kile.

Kifaa hicho hakijaharibika. Hufanya kazi kwa kupitisha kidoleni aina mbili za mwanga, mwekundu na ule usioonekana kwa macho, kisha hukisia kiasi cha oksijeni kwa kutazama mwanga ulionyonywa na damu. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi hunyonya mwanga mwekundu karibu sawa na iliyobeba oksijeni, hivyo kifaa huhesabu sumu kama oksijeni. Mgonjwa ambaye asilimia 30 ya hemoglobini yake imetekwa na gesi huenda akasomeka 98, ilhali oksijeni halisi haifiki 70. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, Steven Barker na Kevin Tremper, walionyesha kwa kupima mbwa kuwa hata sumu ilipofikia asilimia 70, kifaa kilisoma takriban 90.

Kipimo cha kweli ni cha damu, kwa mashine inayotenganisha aina za hemoglobini, ambayo haipatikani katika vituo vingi. Kwa hiyo maelezo ya jiko na chumba yanatosha kuanza tiba.

Hatua ya kwanza ni kufungua mlango na madirisha na kuwatoa watu wote nje bila kukawia, kwani anayeokoa naye huvuta gesi hiyo hiyo. Maziwa, ambayo watu hukimbilia kumnywesha aliyekula sumu, hayana kazi hapa: sumu haiko tumboni, na aliyepoteza fahamu aweza kupaliwa nayo.

Hospitalini dawa ni oksijeni yenyewe, kwa barakoa yenye mfuko, kwa kasi ya lita 10 hadi 15 kwa dakika. Mirija ya puani haitoshi. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huhitaji saa nne hadi tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni hiyo, saa moja hivi na robo. Aliyeanza na asilimia 32 hushuka hadi 16, kisha 8, kisha 4, kwa muda usiopungua sana saa nne, badala ya saa 12 hadi 15. Barakoa isivuliwe kwa sababu tu kifaa cha kidoleni kimesoma 100, kwa kuwa kilisoma hivyo tangu mwanzo.

Mjamzito huhitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi hata akijisikia vizuri, kwani sumu hukawia kutoka katika damu ya mtoto aliye tumboni. Aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali kubwa. Baadhi ya waliopona huanza kusahau, kubadilika tabia au kuyumba wakitembea siku kadhaa hadi wiki chache baadaye, na ndugu ndio huliona hilo kwanza. Mgonjwa wa namna hiyo arudishwe hospitali, na daktari aelezwe habari za lile jiko.