Hatua mbili za kukuza sauti: volti zinapopotelea njiani

Chukua transista mbili aina ya BC547, umeme wa volti 12 na maikrofoni ya sumaku na koili. Kila transista umeijengea hatua yake ya kukuza, na kila hatua ukiipima peke yake inakuza ishara mara 250 hivi. Ukiziunga kwa kapasita, ya kwanza ikailisha ya pili, hesabu ya haraka inakupa 250 mara 250, yaani 62,500. Mtu akizungumza kawaida umbali wa mita moja, maikrofoni ya aina hiyo hutoa kama milivolti 0.05. Kwa hiyo unatazamia kuona volti 3 na kidogo mwishoni. Unaweka osiloskopu, unaona volti 0.6.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoanza kubadilisha transista. Wanang'oa, wanachomelea nyingine, na volti zinabaki zilezile 0.6. Wanashika multimita na kupima kila mguu: beisi ina volti 2.1, emita 1.4, kolekta 5.4. Ndivyo inavyotakiwa, katika hatua zote mbili. Multimita haijadanganya. Kapasita iliyo kati ya hatua hizo inazuia mkondo mnyoofu, kwa hiyo hatua ya kwanza haijui kabisa kwamba kuna ya pili, isipokuwa pale ishara inapopita. Kasoro tunayoitafuta inaishi ndani ya ishara peke yake, na kipimo cha mkondo mnyoofu hakiwezi kuiona hata ukipima mara mia.

Wala si kasoro ya kifaa. Ni kwamba ule ukuzaji wa 250 ulipimwa hatua ikiwa haijaunganishwa na kitu mbele yake, na sasa imeunganishwa.

Kila chanzo cha ishara, kiwe maikrofoni au hatua ya kukuza, kina ukinzani wake wa ndani. Mwaka 1883 mhandisi wa simu za telegrafu wa Ufaransa, Léon Charles Thévenin, alichapisha kanuni inayotuokoa hapa: saketi ya namna hii, hata ikiwa na vipande vingi kiasi gani, ukiitazama kutoka kwenye nyaya zake mbili za kutokea inafanana na chanzo kimoja cha volti kilichofuatana na ukinzani mmoja. Usipochota mkondo, unapata volti zote. Ukichota, sehemu ya volti inaliwa na ukinzani wa ndani kabla haijakufikia. Ni kama bomba la maji la nyumba lenye njia nyembamba: likifungwa presha ni kubwa, likifunguliwa sana presha inashuka, ingawa tangi limejaa vilevile.

Basi tuifuate ishara yetu kutoka mwanzo. Kila hatua ina rezista ya kilo-omu 47 na nyingine ya kilo-omu 10 za kuipa beisi volti zake, rezista ya kilo-omu 4.7 kwenye kolekta, na ya kilo-omu 1 kwenye emita iliyopitishwa kando kwa kapasita kubwa. Mkondo wa emita ni miliampea 1.4. Kwenye mkondo huo, emita ina ukinzani wake mdogo wa ndani, unaopatikana kwa kugawa milivolti 26 kwa miliampea 1.4: kama omu 18.6. Ukigawa 4,700 kwa 18.6 unapata 253, ndiyo ile 250 tunayoitaja.

Ishara inapoingia kwenye hatua, inakutana na nini? Inakutana na mlango wa beisi, ambao ukinzani wake ni zile omu 18.6 mara uwezo wa transista wa kukuza mkondo. Tukiuchukulia uwezo huo kuwa 200, tunapata kilo-omu 3.7. Lakini zile rezista mbili za beisi nazo zinachota ishara, sambamba na mlango huo. Zote pamoja zinatupa kilo-omu 2.5 hivi. Huo ndio ukinzani wa kuingilia, na ndio mzigo ambao hatua hii inamtwika yeyote anayeilisha. Upande wa kutokea, ukinzani wa ndani ni takribani ule wa rezista ya kolekta, kilo-omu 4.7.

Hasara ya kwanza iko mlangoni. Maikrofoni yetu ina ukinzani wa omu 600, na mbele yake kuna omu 2,500. Volti zinagawanyika kati ya hizo mbili, na hatua inapata 2,500 kwa 3,100, yaani asilimia 81. Si mbaya.

Hasara ya pili ndiyo kubwa. Hatua ya kwanza ina omu 4,700 za ndani, na inalisha mlango wa omu 2,500 tu. Mlishaji ana ukinzani karibu mara mbili ya mlishwaji. Sehemu inayofika ni 2,500 kwa 7,200, yaani asilimia 35. Ile 250 imekuwa 87. Ukitaka kujiridhisha, nenda kwa njia nyingine: kwa ishara, ukinzani wa kuingilia wa hatua ya pili umekaa sambamba na rezista ya kolekta. Kilo-omu 4.7 sambamba na 2.5 ni kama kilo-omu 1.63, na 1,630 ukigawa kwa 18.6 unapata 87 na ushee. Ni jambo lilelile lililotazamwa kutoka pande mbili. Mimi nahimiza wanaoanza waifanye hesabu kwa njia zote mbili angalau mara moja, kwa sababu ya pili inaonyesha wazi kwamba transista haijadhoofika. Inasukuma mkondo uleule, ila sasa mkondo huo unapita kwenye ukinzani mdogo, na volti zinazojengeka ni chache.

Mwisho, hatua ya pili inalisha kifaa kinachofuata chenye ukinzani wa kilo-omu 10, kama vile mlango wa kikuza nguvu. Inabaki 10 kwa 14.7, asilimia 68, na 250 inakuwa 170.

Fomula nzima inaandikwa hivi, Rs ikiwa ukinzani wa chanzo, RL mzigo wa mwisho, Rin ukinzani wa kuingilia, Ro wa kutokea, na A1 na A2 ukuzaji wa kila hatua isipokuwa na mzigo:

```
A = Rin1/(Rs+Rin1) × A1 × Rin2/(Ro1+Rin2) × A2 × RL/(Ro2+RL)
```

Kwa namba zetu ni 0.81 mara 250 mara 0.35 mara 250 mara 0.68. Bila kukata desimali, jibu ni kama 11,900, chini kidogo ya moja ya tano ya ile 62,500. Zidisha na milivolti 0.05: volti 0.6, zilezile zilizo kwenye osiloskopu.

Kosa moja linajirudia kwenye hesabu hii, nalo ni kutoza hasara mara mbili. Mtu anachukua 87, ambayo tayari ina mzigo ndani yake, kisha anaizidisha tena kwa 0.35. Kabla ya kuzidisha chochote, jiulize kila ukuzaji ulipatikana na mzigo au bila mzigo. Ukiwa tayari na mzigo, mgawanyo wa mahali hapo usiuandike tena.

Sasa mtu akishawishika kuunga spika ya omu 8 moja kwa moja kwenye hatua ya pili, kupitia kapasita, sehemu ya mwisho inakuwa 8 kwa 4,708. Hatua iliyokuwa ikikuza mara 250 inageuka kuwa ya kupunguza: volti zinazotoka hazifiki nusu ya zilizoingia. Ukuzaji wote unashuka hadi kama 30. Spika haitasikika, na hakuna transista ya aina hiyo utakayobadilisha hapo ikasaidia.

Dawa ya hasara ya katikati ni kuweka transista ya tatu isiyokuza volti kabisa. Ishara inaingia kwenye beisi yake, inatoka kwenye emita, na kolekta inafungwa moja kwa moja kwenye volti 12. Beisi yake unaweza kuiunga bila kapasita kwenye kolekta ya hatua ya kwanza, maana zile volti 5.4 zinatosha kuiamsha. Emita yake itakaa karibu na volti 4.7, na ukiwekea rezista ya kilo-omu 2.2 mkondo utakuwa miliampea 2 na kidogo. Rezista hiyo sambamba na mlango wa hatua ya pili ni kama kilo-omu 1.2. Ikitazamwa kutoka kwenye beisi inazidishwa mara 200, na hatua ya kwanza inaona mzigo wa zaidi ya kilo-omu 230. Badala ya 87, sasa tunafikisha 240 na ushee kwenye mlango wa hatua ya pili, na ukuzaji wote unapanda hadi kama 33,000.

Angalia kwamba mzigo wa transista hii ya kati unategemea kilicho mbele yake. Ndiyo maana hesabu ya ukinzani huanzia mwisho wa saketi kurudi mwanzo, ingawa ishara inakwenda upande mwingine. Na ukuzaji mkubwa una bei yake: beisi ya hatua ya pili ikipokea zaidi ya milivolti chache, umbo la ishara linaanza kupinda, na sauti inakwaruza hata kabla volti hazijafika mwisho wa betri.

Kama hujui ukinzani wa kutokea wa saketi uliyonayo mkononi, upime. Ingiza ishara ndogo isiyobadilika, soma volti za kutokea bila mzigo, kisha unga kupitia kapasita rezista ya kugeuza, ukianzia kwenye ukinzani mkubwa. Ipunguze taratibu mpaka volti zifike nusu. Iondoe, uipime kwa multimita: thamani yake ndiyo ukinzani wa kutokea. Hakikisha tu wimbi halijapinda wakati unapima, la sivyo namba haina maana.

Kapasita ya kati nayo huchaguliwa kwa ukinzani huohuo. Saketi ya mwanzo ina omu 7,200 zinazofuatana na kapasita, 4,700 za mlishaji na 2,500 za mlishwaji. Kwa maikrofaradi 10, ishara inaanza kupungua chini ya hezi 2.2, mbali kabisa na masikio yetu. Fundi akiweka ya maikrofaradi 0.1 kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani, mpaka unapanda hadi hezi 220, na sauti ya mwanaume mzito inatoka nyembamba kama ya simu.